Biringanya Bichi na Solanini: Sumu Iko Wapi Hasa?

Jioni moja nilikuwa nakata biringanya, mpwa wangu wa miaka mitano akachomoa kipande ubaoni na kukitia mdomoni. Akakunja uso, nusu akaitema, nusu akaimeza. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Wifi," akaniambia kwa hofu, "hilo si lina sumu likiwa bichi? Si ndiyo ile ile ya viazi vya kijani?"

Swali lake nimelisikia kwa watu wengi, na ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza, kwamba biringanya lina sumu. La pili, kwamba sumu hiyo ni solanini, ile ya kiazi. La tatu halitamkwi, lakini ndilo linalobeba hofu yote: kwamba moto huiondoa, ndiyo maana bichi linaua na lililopikwa linalika. La kwanza lina ukweli ndani yake. La pili si sahihi, ingawa kosa lenyewe linaeleweka. La tatu ndilo linalopotosha zaidi.

Tuanze na jina, maana mkanganyiko ulianzia hapo. Mwaka 1820 mfamasia Mfaransa aitwaye Desfosses alitoa dutu chungu kutoka kwenye matunda ya mnavu, mmea ambao kwa Kilatini huitwa Solanum nigrum. Akaipa dutu hiyo jina lililotokana na mmea wenyewe: solanini. Miaka michache baadaye dutu ya namna hiyo ikapatikana kwenye kiazi, nayo ikaitwa solanini. Kwa zaidi ya karne moja, kila kitu kichungu cha aina hiyo kilichotoka katika jamaa hii ya mimea kilielekea kutiwa katika kapu hilo moja. Vifaa vya wakati huo havikuweza kutenganisha vitu vinavyokaribiana sana. Mwaka 1954 ndipo wakemia Richard Kuhn na Irmentraud Löw walipoonyesha kwamba hata ndani ya kiazi hakuna solanini peke yake, bali ipo na nduguye, chakonini. Kwa hiyo ukikuta maandishi ya zamani yanasema biringanya lina solanini, mwandishi hakudanganya. Alitumia jina la ukoo mahali pa jina la mtu.

Jina la ukoo ni glaikoalkaloidi. Ni neno refu, lakini maana yake inashikika: kuna kiini cha alkaloidi, na juu ya kiini hicho kuna mnyororo mfupi wa sukari, kama mtu aliyevaa koti. Kila mmea katika jamaa hii una mwili wake na koti lake. Kiazi kina mwili uitwao solanidini. Ukiuvika koti la aina moja unapata solanini, ukiuvika la aina nyingine unapata chakonini. Nyanya ina mwili tofauti kabisa, na koti lake lina sukari nne badala ya tatu. Dutu hiyo inaitwa tomatini. Anayesema nyanya mbichi ina solanini, basi, naye amekosea jina.

Biringanya lina dutu kuu mbili, solasonini na solamajini. Mwili wa zote mbili ni mmoja, solasodini, na kwa umbo mwili huo unafanana na ule wa nyanya kuliko ule wa kiazi. Makoti, hata hivyo, ni ya kiazi! Solasonini imevaa koti lile lile la solanini, na solamajini imevaa koti lile lile la chakonini. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika kemia ya mimea hii, na ndilo linaloeleza kwa nini watu walichanganyikiwa kwa muda mrefu. Jibu la nusu ya pili ya swali ni hilo: biringanya halina solanini kama sumu yake kuu. Lina binamu zake.

Binamu wanaweza kuwa na tabia moja, kwa hiyo kubadilisha jina hakutoshi kumtuliza mama mwenye mtoto. Glaikoalkaloidi za jamaa hii kwa jumla hushika kolesteroli iliyomo kwenye utando wa seli na kuutoboa, na kwanza huumia seli za utumbo. Ndiyo maana anayezila nyingi hupata kichefuchefu, tumbo la kukata, kutapika na kuhara. Zile za kiazi huzuia pia kimeng'enya kinachosafisha ujumbe kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Hapo ndipo zinapotokea kizunguzungu na kuchanganyikiwa kwa mtu aliyekula kupita kiasi. Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu. Unazitengeneza kujikinga na wadudu na ukungu, na uchungu wake ni onyo.

Basi kinachobaki ni kiasi. Wakulima wamechagua mbegu za biringanya kwa karne nyingi, wakipanda tena yale yasiyo machungu, na kila walipokwepa uchungu walikwepa glaikoalkaloidi pia. Katika aina nyingi zinazolimwa leo, vipimo vya maabara vya kisasa vinatoa miligramu chache hadi makumi machache kwa kila kilo ya biringanya bichi. Nitatumia 30 kwa kilo, ambayo kwa aina hizo ni kukadiria kwa upande wa juu. Vipimo vya zamani zaidi viliwahi kutoa namba kubwa, hadi karibu miligramu 200 kwa kilo. Nitaitumia hiyo pia, ili hesabu isiegemee upande unaofurahisha. Kwa kulinganisha, kiazi kizuri cha kawaida huwa na kati ya 20 na 100 kwa kilo, na miligramu 200 kwa kilo ndicho kikomo ambacho kimezoeleka kutumika kwa viazi vya kuuzwa.

Na mwili wa mtu unaanza kulalamika lini? Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi wa viazi mwaka 2020 na kushika miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kuwa dozi ndogo kabisa iliyoonekana kuleta dalili, zile za tumboni. Kwa biringanya na nyanya mamlaka hiyo iliona ushahidi hautoshi kuweka kipimo chake, kwa hiyo sote tunaopiga hesabu hizi tunaazima mizani ya kiazi. Nasema hili wazi kwa sababu ni udhaifu wa kweli wa hesabu inayofuata.

Rudi sasa kwa mpwa wangu. Alikuwa na kilo 18, kwa hiyo mstari wake wa tahadhari ni miligramu 18. Tuseme alimeza gramu 20, ingawa kwa kuwa nusu aliitema nadhani zilikuwa pungufu. Kwa biringanya lenye miligramu 30 kwa kilo, gramu 20 zina miligramu 0.6, yaani sehemu moja ya thelathini ya mstari wake. Tuchukue sasa namba mbaya ya zamani, 200 kwa kilo: gramu 20 zina miligramu 4. Bado hajafika hata robo ya njia. Nilimpa maji ya kusukutua ule ukakasi, akarudi kucheza.

Mtu mzima wa kilo 60 mstari wake ni miligramu 60. Akila biringanya zima bichi la gramu 300, la kawaida, anapata miligramu 9. Ili afike 60 angelazimika kula kilo mbili za kitu kinachotafunika kama sifongo. Lakini biringanya hilo hilo likiwa na 200 kwa kilo, gramu 300 zinatoa miligramu 60 kamili, na hapo yuko juu ya mstari. Sitaki kulificha hilo. Ila biringanya la namna hiyo lingekuwa chungu. Kwenye viazi, watu wengi huanza kuuhisi uchungu karibu na miligramu 140 kwa kilo, na zikipita 220 hivi koo na ulimi huwaka. Ulimi wa mtu mzima humfikishia habari kabla tumbo halijajaa. Mtoto mdogo naye hutema, kama nilivyoona kwa macho yangu.

Sasa lile jambo la tatu, la moto. Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, maana karibu kila anayeuliza kuhusu biringanya "bichi" anadhani jiko ndilo linalotenganisha sumu na chakula.

Glaikoalkaloidi ni ngumu sana mbele ya joto. Solanini safi huvunjika kwenye nyuzi kati ya 230 na 280 za Selsiasi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mafuta ya kukaangia huwa karibu na nyuzi 180, na hata humo, ndani ya kipande cha biringanya kilichojaa maji, joto hubaki karibu na 100 mpaka maji yaishe. Kwa hiyo ukichemsha au kukaanga, sehemu kubwa ya kilichokuwamo bado kimo. Zaidi ya hayo dutu hizi haziyeyuki vizuri katika maji ya kawaida yasiyo na asidi, hivyo hata kumwaga maji ya kuchemshia hakuziondoi kwa kiasi cha kutegemewa.

Kuna tukio linaloonyesha hili kuliko maelezo yoyote, ingawa ni la viazi. Jijini London, wavulana 78 wa shule moja waliugua baada ya chakula cha mchana, na 17 kati yao wakalazwa hospitali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979 ulifuata nyuma mpaka kwenye gunia la viazi lililosalia kutoka muhula uliotangulia. Dalili zilianza saa kadhaa baada ya kula: kutapika, kuhara, maumivu ya tumbo, na kwa waliozidiwa kuweweseka. Wote walipona. Viazi walivyokula vilikuwa vimepikwa. Jiko lilifanya kazi yake yote na sumu ikapita salama hadi kwenye sahani.

Fikiri linalofuata kutokana na hilo. Kama biringanya fulani lingekuwa na glaikoalkaloidi za kudhuru, kulipika kusingekuokoa. Na kama linalika likiwa limepikwa, kwa habari ya sumu hii linalika pia likiwa bichi, kwa sababu kiasi ni karibu kile kile. Neno "bichi" halina uzito wowote katika suala la solanini na binamu zake. Neno lenye uzito ni "chungu".

Mbona basi kuna watu wanaokula biringanya bichi na kujisikia vibaya kweli? Wapo, na sipendi waambiwe wanajidanganya. Baadhi yao huwashwa midomo, ulimi na koo dakika chache baada ya kutafuna. Hiyo huwa ni dalili ya mzio: mwili unazitambua protini fulani za biringanya kama adui, mara nyingi kwa sababu zinafanana na za chavua ambayo mtu huyo tayari ana mzio nayo. Hapa ndipo moto unapokuwa na kazi ya kweli. Baadhi ya protini hizo hukunjuka na kupoteza umbo zikipikwa, na mtu aliyewashwa na bichi akala lililopikwa bila shida. Si zote, maana kuna protini za aina nyingine zinazostahimili joto, na mwenye mzio nazo atawashwa hata na mchuzi. Biringanya lina pia kiasi fulani cha histamini, inayoweza kuwasumbua wachache wenye wepesi nayo. Anayevimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula biringanya, liwe bichi au lililopikwa, asilijaribu tena nyumbani. Aende kupimwa.

Wengine hulalamikia tumbo kujaa na kuwa zito. Nyama ya biringanya bichi ni sifongo yenye hewa nyingi na kuta ngumu, na moto hulainisha kuta hizo. Bila moto utumbo unaachiwa kazi nzito zaidi. Ni usumbufu, lakini hauna uhusiano na sumu.

Na lile doa la kahawia linalotokea dakika chache baada ya kukata? Wengi hulichukulia kuwa ushahidi wa sumu inayotoka. Biringanya lina asidi ya klorojeni kwa wingi. Kisu kinapopasua seli, asidi hiyo hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, hewa ikaingia, rangi ikageuka. Ni jambo lile lile linalotokea kwa tofaa na ndizi, na halisemi chochote kuhusu glaikoalkaloidi.

Chumvi nayo ina sifa isiyo yake. Ukinyunyiza chumvi kwenye vipande na kuviacha nusu saa, majimaji yanatoka na watu husema sumu imetoka. Kilichotoka ni maji pamoja na baadhi ya vitu vinavyoyeyuka ndani yake, na chumvi inayobaki hufunika uchungu ulimini. Kipande kinasinyaa, mashimo yake ya hewa yanabonyea, hivyo hakinywi mafuta mengi kikikaangwa. Hiyo ni sababu nzuri ya kutia chumvi. Lakini asiyejua anaweza kulichukua biringanya chungu kweli, akalifunika kwa chumvi, na kulila lote akidhani amelisafisha. Kwa kufanya hivyo amezima onyo pekee alilokuwa nalo.

Rangi ya kijani pia inahitaji neno. Kwenye kiazi kijani ni ishara ya maana, kwa sababu mwanga uliokipiga na kukipa rangi ndio huo huo unaochochea glaikoalkaloidi zake kuongezeka. Kwenye nyanya kijani ni dalili ya ubichi: tomatini inaweza kufika miligramu 500 kwa kilo katika nyanya changa, kisha hushuka hadi chini ya 5 nyanya ikiiva. Sheria hizi mbili hazihamishiki kwenye biringanya. Kuna aina ambazo ni za kijani kwa asili, na zile za zambarau mara nyingi huwa na ukijani kidogo chini ya ganda. Tena biringanya huliwa kabla halijakomaa, mbegu zikiwa bado laini na nyeupe. Lililokomaa kabisa, ngozi ikapoteza mng'ao na kuelekea manjano au kahawia, mbegu zikawa ngumu, ndilo huwa chungu zaidi. Anayelingoja "liive" kama nyanya anakwenda kinyume.

Hatari yenyewe ninaiona kwenye bustani zaidi kuliko jikoni. Biringanya lina jamaa wa porini, akiwamo mtunguja, mwenye matunda ya manjano machungu mno, na hupokea chavua ya mtunguja bila taabu. Mtu akihifadhi mbegu za mabiringanya yaliyochanua karibu na mitunguja, miche ya msimu unaofuata inaweza kuzaa matunda yenye umbo la kuaminika na uchungu wa porini. Ipo pia miche ya kuunganisha, ambapo biringanya hupandikizwa juu ya shina la jamaa mwingine anayestahimili magonjwa ya udongo. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo si ya biringanya, na yakiachwa yakazaa, matunda yake ni ya mmea ule wa chini. Yakatwe yakiwa machanga. Majani na maua ya biringanya nayo si ya kuliwa. Mmea hujilinda zaidi pale unaposhambuliwa zaidi, na vipimo hukuta glaikoalkaloidi nyingi huko kuliko kwenye tunda.

Kwa hiyo mimi huonja. Kabla ya kutia chumvi nakata kipande kidogo kama ukucha, nakitafuna na kukitema. Uchungu hafifu, au ukakasi unaokausha ulimi, ni wa kawaida na sina wasiwasi nao. Uchungu mkali unaong'ang'ania, au mwako kooni, unanitosha kulitupa lote bila kujaribu kuliokoa kwa jiko. Ikiwa mtu tayari amekula la namna hiyo kwa wingi, dalili zinaweza kuanza ndani ya nusu saa au zikachelewa hadi siku inayofuata. Kutapika na kuhara kukianza, la muhimu ni kunywa maji kidogo kidogo ili mwili usikauke. Mtoto mdogo, mtu asiyeweza kubakiza maji tumboni, au yeyote anayeanza kusinzia na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali pamoja na mabaki ya tunda lenyewe, ili daktari ajue anashughulika na nini.

Wifi yangu aliniuliza swali moja la mwisho usiku ule: kama kile kipande kilikuwa salama kibichi, kwa nini nilipika hilo biringanya? Nilimjibu ukweli, kwamba bichi halina ladha.